Lubumbashi: Shofa wa taksi ya simu abadilishe mafuta ya moteri kila kilometa ngapi?

Taa nyekundu yenye alama ya kibuyu cha mafuta iliwaka kwanza kwenye mzunguko wa barabara. Gari lilipoinama kukata kona, taa ikawaka; liliponyooka, ikazimika. Shofa, baba wa watoto wanne mwenye makao katika komini ya Katuba, alidhani ni waya. Aliendelea kubeba wateja siku tatu. Siku ya nne, akirudi kutoka upande wa uwanja wa ndege wa Luano, alisikia mlio chini ya kapo: koko, koko, koko, ukiongezeka kila alipokanyaga esansi. Moteri ilikuwa imekula bieli.

Gari lake ni Toyota IST, yenye moteri ya 1NZ-FE ya sentimeta za ujazo 1,500, ileile inayopatikana katika Vitz, Probox na Raum nyingi za huku kwetu. Fundi alipofungua bonde la chini la mafuta alikuta kiasi kidogo kuliko lita moja na nusu. Moteri hiyo inahitaji lita 3.7 unapobadilisha mafuta pamoja na filtri. Shofa aliapa kwamba hajawahi kuruka vidanje hata mara moja. Alifanya kila mwisho wa mwezi, siku ya kupiga hesabu na bosi wake. Na alisema kweli.

Kosa lake halikuwa uvivu. Alikuwa anafuata kalenda, na kalenda ndiyo inayodanganya mashofa wanaoitwa na wateja kwa simu.

Tupige hesabu yake. Kwa siku moja anatembea karibu kilometa 200, pamoja na zile anazokwenda bila mteja kumfuata aliyemwita. Siku 26 za kazi zinatoa kilometa 5,200 kwa mwezi, na kwa mwaka kilometa 62,400. Gari la mwalimu au la karani wa ofisi linaweza kutumia miaka mitano kufika hapo. Kwa hiyo maneno ya kitabu cha gari, yanayosema badilisha mafuta baada ya kilometa kadhaa au miezi kadhaa, kile kitakachotangulia, hayamhusu kwa nusu yake ya pili. Kwake kilometa zitatangulia kila mara. Toyota inawaambia wenye magari ya esansi yasiyo na turbo huko Japani wabadilishe kila kilometa 15,000 au mwaka mmoja, na kwa matumizi makali kila kilometa 7,500 au miezi sita. Shofa wetu akichukua miezi sita kuwa kipimo chake, atakuwa ametembea zaidi ya kilometa 31,000 kwa mafuta yaleyale. Na kampuni hiyo inahesabu kuwa matumizi makali kutembea zaidi ya kilometa 20,000 kwa mwaka, pamoja na barabara mbovu na zenye vumbi. Yeye yumo pande zote mbili.

Lakini mtu atauliza: kama alibadilisha kila kilometa 5,200, si yuko chini ya 7,500? Yuko chini, ndiyo. Muda wa kubadilisha haukumuua. Kilichomuua ni kwamba moteri yake, yenye zaidi ya kilometa 200,000 kwenye kompteri, ilikuwa inakunywa mafuta, karibu lita moja kwa kila kilometa 2,000. Hilo si jambo la ajabu kwa moteri ya umri huo: pete za pistoni zinazokwangua mafuta zinajaa masizi, zinakwama, na mafuta yanapita juu kuungua pamoja na esansi. Wakati mwingine hata moshi wa buluu hauonekani vizuri, hasa kwa shofa anayekaa mbele wakati moshi uko nyuma. Kilometa 5,200 kwa mwendo huo ni lita 2.6. Ukiondoa 2.6 kwenye 3.7, inabaki 1.1. Mafuta hayo machache yanakimbilia upande mmoja gari linapokata kona, pampu inavuta hewa, na taa inawaka.

Hapa kuna jambo ambalo mashofa wengi tuliozungumza nao hawakulijua. Taa ile haipimi mafuta yamebaki kiasi gani. Inapima nguvu ya msukumo wake. Maadamu pampu bado inapata kitu cha kuvuta, taa itanyamaza, hata kama nusu ya mafuta imekwisha. Ikiwaka kwenye kona tu, maana yake umechelewa sana lakini pengine bado una bahati. Hapo unaegesha na kuzima papo hapo. Ikiwaka kwenye njia iliyonyooka, bahati nayo inakwisha kwa sekunde.

Kinachopima kiasi ni kijiti, kile wengine wanakiita joji. Weka gari mahali pa tambarare, zima moteri, subiri dakika tano mafuta yashuke, vuta kijiti, pangusa, rudisha mpaka mwisho, vuta tena. Kwenye IST na ndugu zake, kutoka alama ya juu mpaka ya chini kuna zaidi ya lita moja, hivyo ukifika alama ya chini umekwisha kupoteza sehemu kubwa ya lita zile 3.7. Kwa shofa wa kilometa 200 kwa siku, kuangalia mara moja kwa wiki ni kila kilometa 1,200. Hiyo inatosha kwa moteri nzima. Kwa moteri inayokunywa, fanya kila asubuhi ya pili. Fundi aliyeifungua IST hiyo anasema kwa uchungu kwamba anaona moteri nyingi zilizokufa kwa kukosa lita moja kuliko zilizokufa kwa mafuta kuzeeka, nasi tunamwamini.

Kilometa na masaa

Hata hivyo kilometa nazo hazisemi yote. Shofa huyu anakaa na moteri ikiwaka karibu masaa 10 kwa siku. Kilometa 200 kwa masaa 10 ni mwendo wa wastani wa kilometa 20 kwa saa. Anasubiri mteja anayemaliza kupaka mafuta usoni, anasubiri kwenye msongamano wa katikati ya mji, klimatizeri ikizunguka kwa sababu mteja ametaka baridi. Kompteri imelala, lakini moteri inafanya kazi. Kwa hiyo kilometa 5,000 za mjini ni masaa 250. Mwenzake anayepeleka abiria Likasi na Kolwezi kwa wastani wa kilometa 60 kwa saa anamaliza kilometa hizo 5,000 kwa masaa 83 tu.

Mwenye jenereta nyumbani ataelewa upesi. Jenereta haina kilometa, inahesabiwa kwa masaa, na jenereta nyingi kubwa za mazuti zinabadilishiwa mafuta kila masaa 250 au karibu na hapo. Sisemi kwamba moteri ya esansi ya gari na ile ya jenereta ni kitu kimoja. Ila ukijua kwamba kilometa 5,000 zako ni masaa 250, na kilometa 10,000 zako ni masaa 500, utaacha kujilinganisha na shofa wa barabara kuu anayejisifu kwamba anafika 10,000 bila tatizo. Yeye na wewe hamna mwezi mmoja wa kazi unaofanana.

Kuna upande mwingine ambao ni habari njema kwa mashofa wa taksi, na mafundi wetu mara nyingi hawautaji. Kinachoharibu mafuta haraka zaidi ni kuwasha moteri ya baridi na kuizima kabla haijapata moto. Esansi isiyoungua na maji ya mvuke vinashuka chini na kuchanganyika na mafuta. Moteri ikipata moto wa kutosha kwa muda mrefu, maji hayo yanatoka. Gari linalotoka Jumapili kwenda misa umbali wa kilometa mbili na kurudi linatesa mafuta yake kwa kila kilometa kuliko taksi inayowashwa alfajiri na kuzimwa usiku.

Jarida la Marekani la Consumer Reports lilijaribu jambo hili kwa taksi za New York na kutoa matokeo mwaka 1996. Lilichukua taksi 75 zenye moteri zilizofanyiwa matengenezo upya, likazifuatilia kila moja kwa maili 60,000, yaani karibu kilometa 96,500. Nyingi zilibadilishiwa mafuta kila maili 6,000, karibu kilometa 9,650. Nyingine kila maili 3,000, karibu kilometa 4,800. Moteri zilipofunguliwa na vipande kupimwa, hapakuonekana tofauti ya maana ya kulika kati ya makundi hayo mawili.

Wapo watakaosoma hapo na kukimbilia kilometa 10,000. Wapunguze mwendo. Moteri zile zilikuwa kama mpya, hazikuwa na masizi ya mwenye gari wa kwanza, wa pili na wa tatu. Mafuta yalikuwa yanajulikana, filtri zilijulikana, barabara ni za lami. Vumbi letu jekundu la kiangazi, kuanzia Mei mpaka Septemba, linapenya filtri ya hewa iliyopasuka au isiyokaa sawa, na mchanga ukifika kwenye mafuta unakwangua kama msasa. Halafu esansi yetu: inaponunuliwa kwa bidoni kando ya njia, kwa wale wanaoitwa Kadhafi huko Goma na Bukavu, hakuna anayejua imechanganywa na nini. Jaribio la New York linatufundisha kwamba kilometa 3,000, ambazo bado zinasemwa na wauza mafuta, ni kumtupia shofa pesa barabarani. Halitupi ruhusa ya 10,000.

Namba na herufi za bidoni

Sasa mafuta yenyewe. Shofa wa Katuba alikuwa ananunua 20W-50 kwa sababu ni mazito na, kama alivyoambiwa, moteri nzee inataka mafuta mazito. Kwenye bidoni kuna vitu viwili vya kusoma, naye alikuwa anasoma kimoja.

Cha kwanza ni namba. Ile ya kwanza, yenye herufi W, inaeleza jinsi mafuta yanavyotiririka kwenye baridi. Ya pili inaeleza uzito wake moteri ikiwa na moto, na kipimo hicho kinafanywa kwenye digrii 100. Lubumbashi si Ulaya. Hata usiku wa Juni na Julai, tunapotoa makoti, baridi yetu haiwezi kugandisha hata mafuta ya 20W. Lakini mafuta ya 5W au 10W yanafika juu ya moteri mapema zaidi asubuhi ile, na sekunde za kwanza ndizo vyuma vinasuguana bila kinga ya kutosha. Kwa namba ya pili, IST imetengenezewa 30, yaani 5W-30 au 10W-30. Moteri yenye kilometa nyingi inayokunywa mafuta inaweza kutumia 40, kama 10W-40, na mara nyingi itakunywa kidogo kidogo. Kwenda 50 si dhambi kwenye joto, lakini hakufungui pete zilizokwama, na moteri inalazimika kusukuma kitu kizito zaidi siku nzima, jambo linaloongeza esansi kidogo. Isitoshe, mfumo wa VVT-i unaogeuza majira ya vali unaendeshwa na mafuta hayohayo kupitia matundu madogo.

Cha pili, ambacho shofa hakusoma, ni herufi za API zilizoandikwa nyuma ya bidoni. S ni ya moteri za esansi, C ni ya mazuti. Herufi inayofuata S inaonyesha kizazi: kadiri inavyokwenda mbele katika alfabeti, ndivyo mafuta yalivyo mapya. SL ilitoka mwaka 2001, wakati IST ya kwanza inaingia sokoni mwaka uliofuata, kisha zikaja SM, SN na SP. Inayofuata inaweza kuchukua nafasi ya iliyotangulia, si kinyume. Bidoni ya shofa wetu iliandikwa SF. Mafuta ya kizazi hicho, kwa maelezo ya API yenyewe, hayafai kwa moteri nyingi za esansi zilizotengenezwa baada ya mwaka 1988. Yana dawa chache za kusafisha masizi. Fundi alipofungua kifuniko cha juu alikuta tope jeusi kama lami kwenye pembe zote, na pete zilizokwama ni watoto wa tope hilo.

Kwa hiyo uzito wa 20W-50 haukuwa kosa kubwa. Kosa kubwa lilikuwa herufi mbili ndogo. Mafuta ya 20W-50 yenye SL au SN yangemsaidia kuliko yale, na 10W-40 yenye SN yangemfaa zaidi ya yote mawili. Kama bidoni haina herufi hizo kabisa, au mafuta yanachotwa kwenye pipa na kupimwa kwa kopo, hakuna ushauri wa kilometa tunaoweza kukupa.

Pesa

Mashofa wanauliza: ninunue ya kawaida nibadilishe mara nyingi, au ya sentetiki nikae muda mrefu? Tupige hesabu kwa bei ya mfano, kila mtu aweke bei ya soko lake. Tuseme bidoni ya lita nne ya mafuta ya kawaida ni dola 16, filtri dola 4: jumla 20. Kwa kilometa 62,400 za mwaka, ukibadilisha kila 5,000, utafanya vidanje kumi na mbili na nusu, karibu dola 250. Sentetiki tuseme ni dola 32, na filtri 4: jumla 36. Kila kilometa 7,500 ni mara nane na kidogo, karibu dola 300.

Tofauti ni dola 50 kwa mwaka, na sentetiki inakurudishia asubuhi nne ambazo ungekaa garaji bila kubeba mteja. Kwa mwenye moteri nzima, isiyopunguza hata nusu lita kati ya vidanje na vidanje, tungechagua sentetiki ya 5W-30 yenye SN au SP kwa kilometa 7,500. Ni masaa 375 kwa shofa wa mjini, na tungeishia hapo. Kwa moteri inayokunywa lita moja kwa kilometa 2,000, kumwaga sentetiki ni kuchoma dola kwenye bomba la moshi. Hiyo ipewe 10W-40 ya kawaida, kila kilometa 5,000, pamoja na nyongeza. Nyongeza hiyo nayo ihesabiwe: lita 2.5 kwa kila kilometa 5,000 ni lita 31 kwa mwaka, karibu bidoni nane, dola 128 kwa bei ileile ya mfano. Shofa akiionyesha hesabu hiyo kwa bosi, huenda bosi ataona kwamba kubadilisha pete si anasa. Na nyongeza si vidanje: mafuta mapya yanaingia, lakini tope na filtri vinabaki palepale.

Filtri ibadilishwe kila mara. Ikijaa, vali yake ya ndani inafunguka na kuruhusu mafuta kupita bila kuchujwa, na hakuna taa itakayokuambia.

Rangi nyeusi peke yake isikutishe. Mafuta mazuri yanakuwa meusi kwa sababu yamebeba masizi, ndiyo kazi yake. Kipimo kidogo cha nyumbani ni kudondosha tone moja la mafuta ya moto kwenye karatasi nyeupe inayonyonya, kisha kuacha masaa machache. Tone likisambaa na kufifia taratibu kuelekea pembeni, mafuta bado yanabeba uchafu wake. Likibaki doa jeusi zito katikati lenye ukingo mkali, yamechoka, toa. Kipimo hiki hakioni mchanga wala hakijui kiasi kilichobaki, hivyo hakichukui nafasi ya kijiti.

Na miezi? Inarudi kuwa na maana gari linapolala. Shofa akiugua, au gari likishikwa kwa mambo ya karatasi, au esansi ikikosekana mjini kwa muda, mafuta yaliyo ndani yanaendelea kukaa na asidi na unyevu wake. Gari lililosimama miezi sita libadilishiwe mafuta kabla ya kurudi kazini, hata kama kompteri inaonyesha kilometa 2,000 tu tangu vidanje ya mwisho.

Shofa wa Katuba amewekewa moteri ya okazioni, na deni lake kwa bosi bado halijaisha. Ndani ya mlango wa gari amebandika kipande cha karatoni. Juu ameandika kilometa za vidanje ya mwisho na chini yake zile za ijayo, 5,000 mbele, kwa sababu bado hajaijua moteri hii mpya. Pembeni kuna mistari midogo ya kalamu, mmoja kwa kila Jumatatu aliyovuta kijiti. Tulipomwacha ilikuwa mistari saba, na kwenye mstari wa sita ameandika: robo lita.